Kitambaa kimoja cha arusi, madoa ya makundi manne: uanze na maji gani?

Jumatatu asubuhi dada mmoja wa Nyawera aliniletea gunia la vitambaa vya meza, vyeupe, vya pamba. Arusi ilikuwa Jumamosi, hapa hapa Bukavu. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa na chakula chake, vikalala humo siku mbili.

"Mama, hiki kimoja nimekichemsha na sabuni jana usiku," akaniambia, akinyoosha kitambaa chenye doa la kahawia katikati. "Ni kama nimeongeza doa."

"Na hivi vingine umevigusa?"

"Hapana, niliogopa."

"Vizuri, mwanangu. Hivyo tutavisafisha."

Kile alichokichemsha nilimrudishia wiki iliyofuata kikiwa bado na kivuli. Vingine vyote vilitakata. Sabuni ilikuwa ile ile na mikono ile ile. Kilichotofautiana ni kwamba hivi vingine tuliviuliza kwanza: doa hili ni la kundi gani? La protini, la mafuta, la tanini au la rangi? Kila kundi linataka mwanzo wake, na mwanzo unaofaa kundi moja unaweza kulifunga lingine lisitoke tena. Nitakueleza jinsi ya kuyatofautisha, kisha nitachukua kitambaa kimoja cha gunia lile, kilichokuwa na makundi yote manne, nikuonyeshe tulivyokishika tangu kikavu mpaka kilipoanikwa.

Lisome doa likiwa kavu

Usiloweke kwanza. Ukishaloweka, alama nyingi zinapotea. Tandaza kitambaa mahali penye mwanga wa kutosha, kando ya dirisha au nje, na utumie macho, vidole na pua.

Doa la protini (damu, yai, maziwa, matapishi ya mtoto, jasho lililokaa) mara nyingi hukauka likawa gumu. Pitisha ukucha juu yake: linakwaruza, pengine linatoa unga au magamba madogo. Likiwa la siku nyingi lina harufu ya uvundo.

Doa la mafuta halina ugumu huo. Kitambaa kinabaki laini, ila ukikiinua dhidi ya mwanga, pale penye doa panapitisha mwanga zaidi, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Ukibaki na shaka, dondosha tone moja la maji pembeni ya doa na lingine juu yake. La pembeni litanyweka mara moja. La juu ya mafuta litakaa kidogo kama shanga.

Doa la tanini ni la vinywaji na mimea: chai, kahawa, divai, maji ya matunda, bia, hata utomvu wa ndizi. Vidole havisikii kitu, labda kunata kidogo kama kulikuwa na sukari. Macho ndiyo yanayolijua: lina pete. Ukingo wake ni mweusi kuliko katikati, kwa sababu maji yalipokuwa yanakauka yalisukuma rangi kwenda nje.

Doa la rangi halina unene wala pete iliyo wazi, lakini rangi yake ni kali na imepenya mpaka upande wa pili. Ni kitenge kilichotoa rangi, wino, karatasi za mapambo zilizolowa. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kikandamize juu ya doa kwa nusu dakika. Kikitoka na rangi, bahati ni yako: rangi bado haijashika na maji yatafanya kazi kubwa. Kisipotoka na kitu, jaribu tena kwa kitambaa chenye alkoli ya dawa. Hapo utajua mapema kama ni alkoli itakayoliondoa.

Na umwulize mwenye nguo. Mtu akikuambia "ni sombe", amekwisha kukupa nusu ya jibu.

Protini: maji baridi, na subira

Fikiria yai. Likiwa bichi unaliosha sahanini kwa maji tu. Likichemka linakuwa gumu, na hakuna maji yatakayolirudisha ubichi. Damu na maziwa ni hivyo hivyo. Protini zake zinaanza kugandamana kwenye joto la kama nyuzi 60, na zikigandia ndani ya nyuzi za pamba zimeshonwa humo. Nilipokuwa naanza kazi hii nilimwagia birika la maji moto kwenye shuka lenye damu ya mtoto aliyetokwa damu puani. Doa lilibadilika machoni pangu kutoka jekundu kwenda kahawia, likabaki hivyo. Nililipa shuka.

Kwa hiyo: kwaruza kilicho kigumu kwa mgongo wa kisu au kwa kijiko. Loweka katika maji baridi ya bomba au ya bidoni kwa dakika 30, ukibadilisha maji yakiwa mekundu au meupe kama maziwa. Suuza kutoka upande wa nyuma, ili doa lisukumwe litoke kule lilikoingilia. Kisha weka maji mapya yenye sabuni ya unga, ile wengi wetu tunayoita omo hata ikiwa na jina lingine. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vinavyokata protini vipande vipande, navyo vinapenda maji ya vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga, na vinahitaji muda: saa moja, au usiku mzima kwa doa la zamani. Vuguvugu hilo lije baada ya maji baridi, si kabla. Na usivitumie kwa sufu wala hariri, kwa sababu hizo zenyewe ni protini.

Kikibaki kivuli kwenye nguo nyeupe, maji ya oksijeni ya farmasi, yale ya asilimia 3 yanayoandikwa voliumu 10, yanakisafisha vizuri. Mimina kidogo, juu ya damu yatatoa povu. Povu likitulia, suuza. Javeli usiisogeze hapa. Ikikutana na protini ya jasho au ya maziwa inaweza kuacha umanjano ambao ni mgumu kuliko doa lenyewe.

Mafuta: hapa kwetu mawese yanataka joto

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika nguo zinazotoka kwenye sherehe za Bukavu mawese ndiyo yanayonipa kazi kubwa kuliko yote.

Angalia chupa yako ya mawese asubuhi. Imeganda, au ina uji mzito chini na mafuta mepesi juu. Mji wetu uko juu, kama mita 1500, na asubuhi kuna baridi ya ziwa. Kwenye baridi hiyo mawese si kimiminiko tena. Basi ukimwaga maji ya bomba juu ya doa la mawese unazidi kuyagandisha, na sabuni inateleza juu yake bila kuyashika. Ndiyo maana mtu anasugua nusu saa, povu linajaa beseni, na doa linabaki linakutazama.

Anza na kitambaa kikavu. Kwangua kilicho juu. Kama doa ni bichi, nyunyiza unga wa muhogo au poda ya mtoto, uache dakika 15 unywe mafuta, kisha kung'uta. Halafu, bado pakiwa pakavu, paka sabuni ya maji ya vyombo, kijiko kidogo kimoja kwa doa la ukubwa wa kiganja, uipenyeze kwa vidole au kwa mswaki mlaini. Nguo ikiwa imelowa, maji yanakuwa yamekwisha kukaa kwenye nyuzi na sabuni inachelewa kufika kwenye mafuta. Acha dakika 10 hadi 15. Ndipo uje na maji ya moto ambayo mkono unavumilia, si yanayochemka. Kwenye joto hilo mawese yanayeyuka, na sabuni inayazungushia povu na kuyabeba.

Utajuaje kama mafuta yametoka? Si kwa rangi. Suuza, kamua, dondosha tena lile tone la maji mahali patakapokuwa pameanza kukauka. Likinyweka sawasawa na pembeni, mafuta hayapo. Likikaa, rudia sabuni na maji ya moto kabla hujafanya kitu kingine chochote.

Rangi ya chungwa inaweza kubaki hata mafuta yakiisha. Hiyo ni karotini ya mawese, na dawa yake ni jua. Tandaza nguo nyeupe ikiwa bado mbichi, doa likitazama jua, na utaona ile chungwa inakuwa njano, kisha inaisha, pengine ndani ya mchana mmoja. Usiifukuze kwa javeli kabla ya kuipa siku ya jua. Lakini nguo isiende juani wala kwenye pasi mafuta yakiwa bado ndani. Mafuta ya kupikia yakikaa na joto yanashikana na nyuzi na kuwa kitu kama vanishi, na hapo sabuni haina kazi.

Kijani cha sombe ni jambo jingine. Ni rangi ya jani, nayo imeyeyuka ndani ya mafuta, kwa hiyo sehemu kubwa inaondoka nayo. Kivuli cha kijani kikibaki, kigonge kwa pamba yenye alkoli ya farmasi, ya asilimia 70 au 90, huku chini umeweka kitambaa cheupe cha kupokea. Gonga, usisugue, na sogeza kitambaa cha chini kila kinapopata kijani.

Petroli nimeona wengine wanaitumia. Nakuomba usiitumie. Tunafua karibu na mbabula yenye makala, na mvuke wake unashika moto kutoka mbali.

Tanini: kipande cha sabuni kikae mbali

Hapa ndipo watu wengi wazuri wanakosea, kwa sababu wamefundishwa kwamba doa lolote linaanza kwa kipande cha sabuni.

Fanya jaribio hili nyumbani, halichukui dakika mbili. Mimina chai ya rangi isiyo na maziwa katika bilauri mbili. Moja iongeze matone ya ndimu: chai inapauka, inakuwa ya dhahabu. Nyingine iongeze kidogo cha majivu au soda ya maandazi: inaingia weusi. Sabuni ya kipande, hasa hii yetu inayotengenezwa kwa mawese na soda kali, inavuta upande wa majivu. Ukiipaka juu ya doa la chai, kahawa au divai, unalikoleza na kulisaidia kushika. Divai nyekundu itakuonyesha wazi zaidi: sabuni ikiigusa inageuka ya buluu au ya kijivu pale pale.

Mwanzo wake basi ni maji baridi, mengi, yakimiminwa kutoka nyuma ya kitambaa. Kisha changanya siki na maji, kijiko kimoja cha chakula kwa viwili vya maji, au maji ya ndimu yaliyochujwa. Lowesha doa, acha dakika 10, suuza. Baada ya siki ndipo sabuni ya maji ya vyombo, ambayo kwa kawaida haina ukali ule wa kipande, na maji ya vuguvugu. Kikibaki kivuli kwenye nguo nyeupe, maji ya oksijeni yatamaliza. Kwenye nguo ya rangi, jaribu siki na maji ya oksijeni kwanza ndani ya pindo, mahali pasipoonekana.

Chai ya maziwa inadanganya. Mtu anaiona chai, anakimbilia ndimu, na ndimu inagandisha maziwa kama inavyoyagandisha kikombeni. Ina protini, kwa hiyo maji baridi na sabuni ya unga kwanza, suuza mpaka maji yawe safi, kisha siki.

Rangi: isikauke, na javeli iwe ya mwisho

Rangi iliyohama kutoka kitambaa kimoja kwenda kingine inatoka kwa urahisi ikiwa bado mbichi. Itenge nguo, iweke kwenye maji baridi mengi yenye sabuni ya unga, na ubadilishe maji kila yanapochafuka, hata mara nne au tano. Kila maji yanayotoka na rangi ni rangi isiyobaki kwenye nguo. Wino wa kalamu ya biki una mafuta ndani yake, kwa hiyo unaanza kwa alkoli ya farmasi, ukigonga kutoka nyuma, kabla ya maji yoyote.

Javeli ni ya pamba nyeupe tu, mwishoni, makundi mengine yakiwa yameondoka: kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji baridi, dakika 5, kisha suuza mara tatu. Na isikutane na siki wala ndimu. Vikichanganyika vinatoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, na katika chumba kidogo cha kufulia hiyo ni hatari ya kweli. Kama umetumia siki, suuza sana na ubadilishe beseni. Nepi zenye mkojo nazo zisuuzwe vizuri kabla ya javeli, kwa sababu hapo pia kuna hewa mbaya inayotoka.

Kutu na udongo mwekundu havimo katika makundi haya. Kutu inataka ndimu na chumvi, na javeli inaikoleza. Udongo unaachwa ukauke, unapigwa brashi, ndipo unafuliwa.

Kitambaa chenyewe

Katika gunia lile kimoja kilikuwa cha meza kuu. Upande wa kushoto kulikuwa na ganda jeupe-njano la mayonesi. Katikati, sombe yenye mawese, kubwa kama sahani. Kando yake pete ya divai iliyogusana na sombe. Na pembeni kabisa, waridi kali la karatasi za mapambo zilizomwagikiwa soda.

Swali lilikuwa lianze lipi. Mawese yanataka maji ya moto, lakini mayonesi ina yai, na moto ungelipika. Divai haitaki sabuni ya kipande, na sombe ilikuwa imeilalia. Rangi ya karatasi ingeweza kutembea kitambaa kizima kikizama. Katika hali kama hii mimi hufuata mpangilio huu: protini kwanza, halafu mafuta, halafu tanini, rangi mwisho. Joto linasubiri mpaka protini itoke. Mafuta yanaondoka kabla ya siki, maana siki haipenyi palipo na mafuta. Dawa kali zinafuata nyuma. Na kwa kuwa divai iligusana na sombe, sabuni ya kipande niliiweka kando siku ile yote.

Tulianza bila kukizamisha. Pembe ya waridi tuliifunga kwa uzi, tukaining'iniza nje ya beseni. Mayonesi tuliikwangua, tukaloweka upande huo tu katika maji baridi dakika 30, kisha saa moja katika vuguvugu la sabuni ya unga. Ukucha ulipopita bila kukwaruza, tukajua yai limekwenda. Mafuta ya mayonesi yalibaki, tone la maji lilituambia hivyo, yakangoja pamoja na mawese.

Sehemu ya sombe ilikuwa bado kavu. Sabuni ya vyombo, robo saa, maji ya moto yakimiminwa kwa jagi kutoka nyuma, tukielekeza mbali na pete ya divai. Tulirudia mara tatu. Mara ya kwanza maji yalitoka ya chungwa, ya pili ya njano, ya tatu meupe. Mayonesi ilihitaji mara moja tu. Kijani kilichobaki tulikigonga kwa alkoli.

Divai ikapata maji baridi, siki dakika 10, ikasuuzwa, ikabaki kivuli cha kijivu chembamba. Maji ya oksijeni yalikifuta kwa robo saa. Mwisho tukaifungua ile pembe. Maji baridi na sabuni ya unga, mara tano. Maji ya mwisho yalikuwa na waridi hafifu kama ya mashavu. Kitambaa kilibaki na alama ndogo, nasi tulikuwa tumesuuza siki yote. Tukabadilisha beseni, tukaipa pembe hiyo peke yake javeli dakika 5.

Saa tano kitambaa kilikuwa kwenye kamba kinatazama jua, na mahali pa sombe palikuwa na chungwa bado. Yule dada alipopita saa tisa akataka tukipige pasi aende nacho. Nikamwomba asubiri Jumanne. Alipokuja, tulikiinua pamoja mbele ya dirisha tukatafuta chungwa hatukuiona, nikadondosha tone la maji pale katikati, likanyweka. Ndipo nikawasha pasi.